Kumsomea mnunuzi mkataba wa gari wa Kiingereza: mkupuo wa mwisho na kukamatwa kwa gari

Mkataba wa gari la kulipa kidogo kidogo ukifika Masasi au Nachingwea, mara nyingi unakuja kwa Kiingereza, kurasa kumi na kitu, na mnunuzi anaambiwa kesho asubuhi awe ameshasaini. Ndipo anapoitwa mpwa aliyemaliza kidato cha sita, au mwalimu wa jirani, au kijana wa steshenari, aambiwe: "Hebu tusomee humu wamesema nini." Mwongozo huu ni wa huyo anayeitwa.

Nimewasomea watu mikataba ya namna hii, na vifungu viwili ndivyo vinavyoleta kilio. Kimoja ni cha mkupuo wa mwisho, yaani pesa nyingi inayodaiwa kwa mara moja baada ya marejesho ya kila mwezi kuisha. Cha pili ni cha kampuni kulitwaa gari. Watu huvisoma kama vitu viwili tofauti, kumbe vimeshikana: mkupuo unalifanya deni libaki kubwa hadi siku za mwisho, kwa hiyo gari likikamatwa mwaka wa pili, mnunuzi anakuta bado anadaiwa sana ingawa amelipa miezi mingi.

Tuuchukue mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho. Mjomba wako anataka kirikuu ya kubeba mizigo kati ya Masasi na vijiji vya Newala. Bei ya taslimu ni milioni 20. Anatoa kianzio cha milioni 5, inabaki milioni 15 ya kukopeshwa kwa miezi 24, riba asilimia 2 kwa mwezi kwa deni linalobaki. Rejesho la kila mwezi ni shilingi 595,840. Mkataba anasaini mwanzoni mwa Mei, rejesho la kwanza ni Juni.

Anza na jedwali, siyo ukurasa wa kwanza

Usianze kumtafsiria mstari kwa mstari. Ukifika ukurasa wa tatu atakuwa amechoka, na wewe umeshapotea kwenye "mmiliki", ambaye ni kampuni, "mkodishwaji", ambaye ni mnunuzi, na "mali iliyotajwa", ambayo ni gari lenyewe. Fungua kurasa za mwisho utafute jedwali lenye tarakimu: bei ya taslimu, kianzio, kiasi kilichokopeshwa, idadi ya marejesho, kiasi cha kila rejesho, na jumla ya bei ya kununua kwa mkopo. Tarakimu hazihitaji Kiingereza, na mjomba anayefanya biashara anazijua kuliko wewe.

Sasa fanya hesabu moja naye, kwa kalamu na karatasi. Zidisha rejesho kwa idadi ya miezi, halafu ongeza kianzio. Kwa mfano wetu, 595,840 mara 24 ni 14,300,160. Ukiongeza milioni 5 ya kianzio unapata 19,300,160. Kisha angalia jumla iliyoandikwa kwenye jedwali. Imeandikwa 25,300,160. Zimepungua milioni 6 kamili, na milioni 6 hazipotei hivi hivi kwenye mkataba. Huo ndio mkupuo wa mwisho.

Hesabu hii inafanya kazi hata kama jina la mkupuo limefichwa. Katika mikataba mingi utaliona neno la Kiingereza la puto, lile la watoto, likifuatiwa na neno la malipo. Lakini wengine huandika "rejesho la mwisho" tu, au "thamani ya masalio", na kiasi chake kinakaa kwenye mstari mmoja mwembamba chini ya jedwali. Ukiwa na ile tofauti mkononi unajua unachokitafuta. Na kama tofauti ipo lakini huoni mstari wowote unaoieleza, mjomba asisaini mpaka kampuni imwonyeshe kwa maandishi ile pesa ni ya nini.

Kuna uwezekano pia tofauti ikawa ndogo, labda laki moja au mbili. Hiyo mara nyingi ni ada ya kuhamisha umiliki mwishoni, maana katika ununuzi kwa kukodi mnunuzi ni mpangaji wa gari mpaka alipe senti ya mwisho na atimize sharti la kulinunua. Mwulize mjomba kama aliambiwa. Kama hakuambiwa, andika pembeni swali la kupeleka.

Mkupuo unakula vipi

Watu wengi wanaoambiwa "mwishoni utamalizia milioni sita" wanaelewa kwamba milioni sita imewekwa pembeni inawasubiri. Haisubiri bure. Inalipiwa riba kila mwezi, na haipungui hata shilingi moja kwa miezi yote 24.

Mwonyeshe hivi. Asilimia 2 ya milioni 6 ni 120,000. Kwa hiyo katika kila rejesho la 595,840, laki moja na elfu ishirini inakwenda kulipia riba ya ule mkupuo peke yake. Inayobaki, 475,840, ndiyo inayolipia ile milioni 9 nyingine pamoja na riba yake. Miezi 24 ya laki moja na elfu ishirini ni milioni 2 na 880,000. Hiyo ni riba ya pesa ambayo siku ya mwisho bado utaikuta nzima.

Bila mkupuo, milioni 15 ile ile kwa riba ile ile ingelipwa kwa rejesho la 793,066 kwa mwezi, na mwezi wa 24 biashara imekwisha. Riba yote ingekuwa kama milioni 4 na elfu 34. Kwa mkupuo, riba inafika milioni 5 na laki 3. Mjomba analipa karibu laki 13 zaidi ili rejesho la mwezi lishuke kwa laki mbili hivi.

Mfanyakazi wa kampuni atasema mjomba ajiwekee akiba ya mkupuo kila mwezi. Piga hesabu hiyo nayo. Milioni 6 kugawa kwa miezi 24 ni 250,000. Ukiijumlisha na rejesho unapata 845,840 kwa mwezi, ambayo ni kubwa kuliko lile rejesho la 793,066 lisilo na mkupuo. Kwa maneno mengine, mwenye kipato cha kila mwezi kinacholingana hana sababu ya kuchukua mkupuo. Achukue mkataba wa kawaida, au gari la bei ya chini. Mkupuo unamfaa mtu anayepata pesa ya jumla kwa msimu. Na huku kwetu watu hao wapo wengi, ndiyo maana wauzaji wanaupenda.

Lakini pesa ya msimu ina tarehe zake, na mkataba una tarehe zake. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na pesa inaingia kwenye akaunti za wakulima wiki kadhaa baada ya mnada, wakati mwingine hadi mwaka mpya. Ufuta wa Lindi unauzwa katikati ya mwaka. Mkataba wa mjomba umesainiwa Mei, rejesho la 24 linaangukia Mei ya mwaka wa tatu. Siku hiyo anatakiwa kupeleka rejesho na mkupuo kwa pamoja, yaani 6,595,840. Mei! Pesa ya korosho imeshakwenda kwenye ada za shule, salfa na kupalilia, ufuta bado uko shambani.

Hapo ndipo pa kuomba mabadiliko, na ni ombi ambalo kampuni inaweza kulikubali bila hasara kubwa. Aombe mkupuo ulipwe pamoja na rejesho la 19, ambalo linaangukia Desemba ya mwaka wa pili. Akiulipa mwezi huo, marejesho matano yanayobaki yanashuka kuwa 475,840, na anaokoa laki 6 za riba. Kwa uzoefu wangu, muuzaji husema haiwezekani kwa sababu mfumo haukubali, kisha ukitaka kuondoka mfumo unakubali.

Je, lazima kuulipa?

Sasa rudi kwenye kifungu chenyewe. Tafuta kitenzi. Kiingereza cha mikataba kina neno la "atalipa", ambalo ni lazima, na neno la "anaweza", ambalo ni hiari. Kifungu kikisema mkodishwaji "atalipa" kiasi cha mwisho tarehe fulani, basi mkupuo ni deni kama deni lingine. Kikisema "anaweza" kulipa na kulichukua gari, au kulirudisha gari na kuachana, ni mkataba wa namna nyingine kabisa, na ni nadra kuuona kwa gari lililotumika.

Wanunuzi wengi wanaamini kwamba wakishindwa mkupuo watarudisha gari na mambo yataisha. Usimwache mjomba aondoke na imani hiyo bila kuitafuta kwenye karatasi. Kama haimo, haimo. Kinachoweza kuwemo ni kifungu cha kukopesha upya: kampuni "inaweza, kwa hiari yake", kumpa mkataba mpya wa kulipia ule mkupuo kwa awamu. "Kwa hiari yake" maana yake inaweza pia kukataa, na ikikubali kuna ada mpya, bima mpya na riba mpya.

Kifungu cha kukosa

Ukishamaliza mkupuo, nenda kwenye orodha ya mambo yanayohesabika kuwa ni kuvunja mkataba. Wengi wanadhani ni kutolipa tu. Orodha huwa ndefu, na lazima umsomee mjomba jambo moja moja huku ukimwuliza kuhusu maisha yake halisi.

Kutolipa kiasi chochote siku yake. Angalia "kiasi chochote": upungufu wa shilingi elfu ishirini unatosha. Angalia pia kama kuna siku za neema. Kama kifungu kinasema wakati ni sharti la msingi la mkataba, basi kuchelewa siku moja ni kuvunja mkataba, hata kama kampuni imezoea kuvumilia wiki. Na karibu mikataba yote ina sentensi inayosema kwamba kuvumiliwa mara moja hakumpi mnunuzi haki ya kuvumiliwa tena. Mjomba atasema, "Lakini yule kijana wa ofisini ananijua." Kijana wa ofisini akihamishwa, kinachobaki ni karatasi.

Kumpa mtu mwingine gari bila idhini ya maandishi. Hiki kinawagusa wenye kirikuu na Noah karibu wote, kwa sababu gari anapewa dereva aendeshe kwa hesabu. Kwa baadhi ya mikataba, dereva wa hesabu ni mtu aliyekodishiwa gari, na hilo limekatazwa. Kama mjomba haendeshi mwenyewe, jina la dereva na idhini viandikwe kabla ya kusaini.

Kulitoa gari nje ya eneo lililotajwa. Eneo linaweza kuwa mkoa, linaweza kuwa nchi. Mwenye mizigo ya Nanyumbu anayevuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala kwenda Msumbiji, hata kwa siku moja, anaweza kuwa amevunja mkataba bila kujua, na kifaa cha kufuatilia gari kitamsema.

Bima kuisha. Karibu kila mara inatakiwa bima kubwa, na kampuni ndiyo imeandikwa kuwa mlipwaji wa kwanza. Bima ikilala, kampuni inaweza kuikata yenyewe na kuongeza gharama kwenye deni, au kulichukua gari.

Mwisho wa orodha huwa kuna mstari unaosema "au ikiwa, kwa maoni ya mmiliki, mali iko hatarini". Maoni ya mmiliki. Mstari huo ndio ninaoupigia mstari mwekundu kila mara, kwa sababu hauna kipimo. Omba ufutwe, au uongezewe maneno "kwa sababu za msingi zitakazotolewa kwa maandishi".

Kisha tafuta kifungu kinachosema marejesho yatalipwa bila kujali gari linafanya kazi au la. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yalikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam huko Somanga kwa siku kadhaa. Magari yalikwama, mizigo ikaoza. Chini ya kifungu kama hiki, mafuriko si sababu. Rejesho linadaiwa siku yake.

Kampuni inapokuja kuchukua gari

Kifungu cha kutwaa gari huwa na sehemu tatu, na zote ziko kwenye aya moja nzito. Zitenganishe.

Ya kwanza ni notisi. Kuna mkataba unaosema kampuni itatoa notisi ya siku 14 mnunuzi arekebishe kosa. Kuna unaosema "bila notisi yoyote zaidi". Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya riba. Hata panapokuwa na notisi, tafuta namna inavyohesabiwa kufika: mara nyingi inaandikwa kwamba notisi iliyotumwa kwa sanduku la posta au kwa ujumbe wa simu itahesabiwa imepokelewa baada ya siku mbili au tatu, hata kama mnunuzi hakuiona. Kwa hiyo namba ya simu iliyo kwenye mkataba iwe ile anayoishika kila siku, na sanduku la posta liwe analolifungua. Si sanduku la shule aliyosoma mwanawe miaka kumi iliyopita.

Ya pili ni kuingia. Maneno yatasema mmiliki au wakala wake anaweza kuingia mahali popote gari lilipo au linapoaminika kuwepo. Mweleze mjomba kwamba kwa kusaini hapo anatoa ruhusa ya watu kuja uani kwake. Ruhusa hiyo haiwapi haki ya kupiga mtu, kuvunja mlango wa nyumba au kuchukua kitu kisicho gari. Wakija na ugomvi, hiyo ni kazi ya polisi na serikali ya mtaa au kijiji.

Ya tatu, na ndiyo inayoumiza, ni pesa baada ya gari kuchukuliwa. Kifungu kitasema kwamba deni lote, pamoja na marejesho ambayo muda wake haujafika na mkupuo, litaiva siku hiyo hiyo. Gari litauzwa kwa mnada au kwa mapatano. Gharama za kulifuata, kulihifadhi na kuliuza zitakatwa. Kikibaki cha kudaiwa, mnunuzi atalipa.

Hapo mjomba atakukatiza: "Yaani gari wachukue, na mimi waendelee kunidai?" Mjibu kwa tarakimu.

Tuseme amelipa marejesho 16 bila kukosa. Mwisho wa Septemba ya mwaka wa pili giaboksi inakufa, rejesho la Oktoba na la Novemba hayakwenda, na mwisho wa Novemba gari linavutwa hadi yadi. Mpaka siku hiyo ameshatoa kianzio milioni 5 na marejesho ya 9,533,440, jumla 14,533,440. Kwa mkataba, yaliyobaki ni marejesho 8, yaani 4,766,720, pamoja na mkupuo wa milioni 6. Kampuni inaandika deni la 10,766,720.

Gari lenye giaboksi mbovu linauzwa mnadani kwa milioni 9. Toa gharama za kulivuta 450,000, yadi siku 30 kwa 15,000 kwa siku ambayo ni 450,000 nyingine, na dalali asilimia 10, yaani 900,000. Inabaki milioni 7 na laki 2 ya kupunguza deni. Mjomba hana gari, ametoa milioni 14 na nusu, na anadaiwa 3,566,720. Na mdhamini wake anadaiwa hiyo hiyo.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu ndani ya ile 10,766,720 kuna kitu cha kubishania. Marejesho 8 yaliyobaki yana riba ya miezi ambayo bado haijafika. Deni halisi mwisho wa Novemba, likijumlisha riba ya miezi miwili aliyokosa, ni kama 9,869,000. Tofauti ni karibu laki 9, riba ya Desemba hadi Mei kwa mkopo ambao tayari umevunjwa. Kabla ya kusaini, mjomba aombe kifungu kiseme kwamba deni likiiva kabla ya muda, riba ambayo haijafika itaondolewa. Sentensi moja tu. Na kama mkataba ulishasainiwa bila hiyo, bado kuna hoja: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inaipa mahakama nafasi ya kutoa fidia inayostahili tu, hata kama mkataba umetaja adhabu kubwa zaidi.

Mambo mengine mawili ya kuomba kwenye kifungu hiki: gari lisiuzwe kabla ya siku fulani, tuseme 21, huku mnunuzi akiwa na haki ya kulikomboa kwa kulipa yale tu aliyokosa na gharama halisi, na aarifiwe tarehe ya mnada kwa maandishi, pamoja na hesabu ya mauzo baadaye. Mnada ukipita bei ya deni, ziada ni ya nani? Mikataba mingine iko kimya. Usikubali kimya hicho.

Mwache yeye akueleze

Ukimaliza, funga mkataba. Mwulize mjomba maswali, naye ajibu bila kuangalia. Mei ya mwaka wa tatu utapeleka shilingi ngapi? Ukikosa rejesho moja, nani anaweza kuja, baada ya siku ngapi? Gari likiuzwa kwa milioni 9, wewe umebaki na nini? Akijibu "nitamalizia malipo", hajaelewa bado. Rudini kwenye karatasi ya hesabu. Wazee wengine wanaona kama unawapa mtihani. Basi mwombe amweleze shangazi aliyekaa pembeni wakati nyinyi mnasoma, wewe usikilize. Nimeona shangazi akiuliza swali ambalo sisi wawili hatukulifikiria: gari likikamatwa na mzigo wa watu ndani, mzigo unatolewaje?

Siku ya kusaini

Mabadiliko yote mliyokubaliana yaandikwe ndani ya mkataba wenyewe, na pande zote zisaini pembeni ya kila badiliko. Ahadi ya mdomo haina nguvu, kwa sababu kuna kifungu karibu na mwisho kinachosema mkataba huu ndio makubaliano yote. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, ila mkataba wa watu binafsi ulioandikwa Kiingereza bado unambana aliyesaini.

Juu ya nafasi ya saini kuna tamko kwamba mnunuzi amesoma na kuelewa. Kama amesomewa, yaongezwe maneno ya Kiswahili: amesomewa na fulani, kwa Kiswahili, tarehe fulani. Na wewe unayesoma, angalia unasaini wapi. Utapewa kalamu usaini "kama shahidi", na mstari uliowekewa kidole ni wa mdhamini. Kwa saini hiyo unadaiwa zile 3,566,720 pamoja na mjomba, na kampuni inaweza kuanza na wewe.

Iulizeni kampuni pia kuhusu kadi ya gari: itakuwa kwa jina la nani sasa, na nani atalipia kuibadilisha mkupuo ukishalipwa. Mjomba achukue nakala kamili yenye saini zote siku hiyo hiyo, na aipige picha kila ukurasa. Ahadi ya "tutakutumia" isikubaliwe.

Kama aliyekopesha ana leseni ya Benki Kuu, mnunuzi anaanza kulalamika kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, na asiporidhika anapeleka malalamiko Benki Kuu, ambayo ina tawi Mtwara mjini. Kabla ya kusaini, ahakikishe jina la kampuni lipo kwenye orodha ya wenye leseni, na amwulize mwanasheria au msaidizi wa kisheria wa wilaya kama mkataba unaangukia chini ya Sheria ya Ununuzi kwa Kukodi, Sura ya 14, ama ni mkopo wa kawaida uliowekewa gari dhamana. Jibu linabadilisha ulinzi alionao gari likitaka kuchukuliwa.

Na ikitokea watu wamekuja uani, mjomba aombe vitu vitatu kabla ya kutoa ufunguo: barua ya kampuni yenye namba ya mkataba, kitambulisho cha anayechukua, na hati ya makabidhiano inayoorodhesha hali ya gari, kilomita zilizosomeka, tairi ya akiba, jeki na kila kilichomo. Apige picha pande zote nne na dashibodi. Mali ya wateja ishushwe hapo hapo mbele ya mwenyekiti wa kijiji, iandikwe. Wakimpa karatasi ya kusaini kwamba amelikabidhi "kwa hiari", asisaini mpaka aliyemsomea mkataba aione, kwa sababu kwa saini hiyo anaweza kuwa ameachia haki yake ya notisi na ya kulikomboa.